Mtihani wa barista: shoti chachu ya sekunde 16 inaponaje kwa kuongeza kahawa?

Wadau, nimekasirika. Nimetoka kuchukua karatasi yangu kwenye chuo kimoja hapa katikati ya jiji na swali hili nimepewa sufuri: espreso, gramu 18 za unga, zimetoka gramu 36 kikombeni kwa sekunde 16, ladha chachu na nyepesi. Barista arekebishe nini kwanza? Niliandika asage laini zaidi, uwiano auache ulivyo. Jibu lao: aongeze unga ufike gramu 20.

Jamani! 18 kwa 36 ni moja kwa mbili, uwiano hauna kosa. Kosa ni mbio za maji. Chenga zikiwa kubwa maji yanapenya haraka, yanabeba uchachu unaotoka mapema na kuacha utamu nyuma. Saga laini zaidi hadi gramu 36 zilezile zitoke kwa sekunde 25 hadi 30, halafu onja. Ukiweka unga gramu 20 na bado ukasimamisha kwenye 36, kila gramu ya unga inapata maji machache kuliko mwanzo. Kahawa itakuwa nzito, ila uchachu uko palepale, tena utauma zaidi.

Na rufaa wanataka niilipie!

Kinu_cha_Mtaa: Hawajakosea kabisa. Unga ukizidi kwenye kikapu, maji hupita kwa shida na shoti inachelewa. Asubuhi foleni ikiwa ndefu mimi hufanya hivyo, na inasaidia.

Mleta uzi: Inachelewa, sawa. Lakini umegusa kasi na uwiano kwa mpigo mmoja, utajuaje kilichosaidia ni kipi? Na kikapu cha gramu 18 ukikishindilia 20, unga unaweza kugusa chujio la juu.

Mama_Umoja: Mimi nachuja kwa karatasi nyumbani na inatoka chachu. Kwa hiyo nami niweke gramu 20?

Mkaangaji: Mama, hizo ni hesabu za espreso. Kwa karatasi anza na gramu 15 kwa gramu 240 za maji, ikiwa chachu saga laini kidogo. Mleta uzi, jibu lako ningelitia tiki. Ila swali halisemi kahawa imekaangwa vipi. SL28 ya Nyeri iliyokaangwa kidogo ina uchachu wake wa asili. Ikifika sekunde 28 na bado inachoma ulimi, mimi ningeivuta hadi gramu 42. Na ukibadilisha usagaji, tupa unga wa kwanza kwanza. Ule wa zamani hubaki ndani ya grainda na kukudanganya.

Kinu_cha_Mtaa: Gramu 42 si itakuwa maji tu?

Mleta uzi: Itakuwa nyepesi, lakini maji yatakuwa yametoa ladha zaidi. Hilo la kukaanga sikatai, ila lingekuwa hatua ya pili, na swali limeuliza ya kwanza. Nimewaandikia watoe shoti zote mbili mbele yangu, mizani ikiwa mezani, tuonje. Hadi sasa kimya.