Mdogo wangu kanyimwa alama 6 kwa jibu sahihi la mashua na mkondo, na mwalimu hataki kusikia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mdogo wangu karudi na karatasi ya mtihani wa fizikia. Swali la mashua lina alama 8, kapewa 2. Swali lenyewe hili hapa: mto una upana wa meta 100, maji yanakwenda meta 1.5 kwa sekunde, na mashua kwenye maji yaliyotulia inakwenda meta 2.5 kwa sekunde. Kwanza, nahodha akielekeza omo moja kwa moja ng'ambo, maji yatamshusha umbali gani? Pili, aelekeze omo wapi ili atue mkabala kabisa na alipoondokea, na atatumia muda gani?

Kipengele cha kwanza hakina ugomvi. Meta 100 kwa 2.5 ni sekunde 40, na ndani ya sekunde 40 maji yamekwishamshusha meta 60. Hizo ndizo alama 2 alizopewa.

Cha pili ameandika nyuzi 36.9 kuelekea juu ya mto, sekunde 50. Kalamu nyekundu imepita juu yake, na pembeni limeandikwa jibu la mwongozo: nyuzi 31, sekunde 34.

Sekunde 34! Hivi aliyeandika hicho kitu alikisoma mara ya pili? Omo ikitazama ng'ambo moja kwa moja, kasi yote ya mashua inatumika kuvuka, na bado inachukua sekunde 40. Maji yenyewe yanakwenda ubavuni, hayakusogezi ng'ambo hata shubiri moja. Sasa ukigeuza omo kupanda mto, ukatumia sehemu ya nguvu yako kupigana na maji, ndiyo ufike mapema zaidi? Nimempelekea mwalimu, nikajibiwa "ndivyo mwongozo unavyosema". Nikaishiwa maneno.

Kasia Refu: Pole mkuu. Ila kwenye pembe mwongozo uko sawa. Chukua 1.5 gawa kwa 2.5, unapata 0.6, bonyeza tanjenti kinyume, inakuja nyuzi 31. Mashua ikielekezwa ng'ambo, maji huipotosha kwa nyuzi 31. Basi nawe ukigeuza nyuzi 31 upande wa pili, umefuta. Kwenye muda ndipo walipoharibu.

Mleta uzi: Yaani wewe ndiye uliyeandika huo mwongozo, siyo?

Bibi Vekta: Taratibu, Kasia Refu hajatukana mtu. Kosa lake ni la kawaida mno, nimelisahihisha miaka mingi. Hizo nyuzi 31 zipo kweli, lakini ni pembe ya njia anayopita mtu ambaye omo yake inatazama ng'ambo. Ukishageuza omo, hali si ile tena: sehemu ya kasi yako sasa inapanda mto, kwa hiyo unavuka polepole zaidi, na maji yanapata muda mrefu zaidi wa kukushusha.

Ijaribu kwa namba. Geuza omo nyuzi 31. Kati ya ile 2.5 yako, kiasi cha 1.29 kinapanda mto na 2.14 kinavuka. Maji yana 1.5, wewe unayapinga kwa 1.29, kwa hiyo kila sekunde unashuka kama sentimeta 21. Kuvuka meta 100 kwa 2.14 ni karibu sekunde 47. Zidisha: unatua meta 10 chini ya pale ulipotaka. Kama pale kuna ngazi za kupandia, umezikosa.

Ili usishuke hata kidogo, sehemu inayopanda mto lazima iwe 1.5 kamili. Na inatoka kwenye ile 2.5, ambayo ndiyo upande mrefu wa pembetatu kwa sababu ndiyo iliyolala mshazari. Kwa hiyo ni sini, siyo tanjenti:

```
sin θ = 1.5 / 2.5 = 0.6      θ ≈ 36.9°
kasi ya kuvuka = √(2.5² − 1.5²) = 2.0
muda = 100 / 2.0 = 50
```

Hizo sekunde 34 pia najua zilikotoka. Wamejumlisha miraba badala ya kutoa, wakapata kasi ya 2.92, kisha wakagawa upana kwa hiyo. Hiyo 2.92 ni kasi ya kufuata ile njia ya mshazari inayoishia meta 60 chini, na njia hiyo si meta 100, inakaribia 117. Gawa 117 kwa 2.92 uone: zinarudi zile zile sekunde 40.

Kasia Refu: Dah. Hiyo ya meta 10 imenifunga mdomo.

Mzee wa Kivuko: Mimi hizo sini sizijui, nimevusha watu miaka mingi. Mnajisumbua. Unaweka jicho kwenye mti wa ng'ambo, omo inautazama mti mwanzo hadi mwisho, unafika. Mbona tunafika?

Bibi Vekta: Mzee, unafika, sikatai, mradi mashua iwe na kasi kuliko maji. Lakini hupiti mstari ulionyooka. Mwanzoni maji yanakushusha, omo inazidi kugeukia juu kuufuata mti, na mwishoni unapanda mto kurudi kwenye mti wako. Kwa namba za swali hili utatumia sekunde 62 na nusu badala ya 50.

Mzee wa Kivuko: Hapo kwenye kupanda mwishoni umesema kweli, abiria hulalamika. Ndiyo maana kijana wangu hutumia alama mbili: mti wa ukingoni na nguzo iliyo nyuma yake. Haelekezi omo kwao, anahakikisha tu zinabaki zimepangana. Nguzo ikianza kuchomoza upande wa mti unaoelekea chini ya mto, anajua maji yamemshusha, anaongeza kugeuza. Lakini nambieni, maji ya katikati yana nguvu kuliko ya kando. Hiyo 1.5 mmeipima wapi?

Bibi Vekta: Swali zuri. Ukishika pembe moja tu mwanzo hadi mwisho, kinachohesabika ni wastani wa mkondo kuanzia ukingo huu hadi ule. Kando utapanda kidogo, katikati utashuka, mwishoni utapanda tena, na utatua mkabala. Huo wastani unaupataje ukiwa ndani ya mashua, hilo sina jibu rahisi.

Jembe la Pwani: Mkuu, mashua yangu haitoboi nikipanda mto, nibadilishe injini au pangaboi? Maji ya kwetu yana kasi kuliko mashua.

Bibi Vekta: Injini waulize mafundi. Ila kama maji yanakushinda kasi, hakuna pembe itakayokufikisha mkabala. Hiyo sini inazidi 1 na kikokotoo kinakuandikia kosa. Chagua tu utashuka kiasi gani, au anza kuvuka ukiwa juu zaidi.

Mleta uzi: Narudi na taarifa. Leo nimemwonyesha mwalimu ile hesabu ya meta 10. Kaitazama muda mrefu. Kakubali sekunde 34 haiwezekani, karudisha alama 2. Nyuzi 31 kazing'ang'ania, anasema swali halikusema kama 2.5 ni kasi juu ya maji au juu ya nchi kavu. Nimemwonyesha kwa kidole maneno "kwenye maji yaliyotulia". Kasema atauliza waliotunga. Alama 4 bado ziko majini.