Tupeane uzoefu: marehemu akikujia ndotoni anaomba kitu, mnafanyaje?

Mwana wa Kibosho
Wakuu habari za jioni. Leo kwenye daladala ya kutoka Mjini kwenda Kiboriloni nimesikia kina mama wawili wanabishana. Mmoja anaota marehemu mama yake anamwomba shuka. Mwenzake akamwambia ampelekee kaburini, abiria mwingine akadakia kwamba akimpa tu, na yeye anafuata. Nikamkumbuka babu yangu, maana alinijia ndotoni anaomba maji ya kunywa na mpaka leo sijui nilipaswa kufanya nini. Waliopitia haya waje hapa. Sitaki nadharia, nataka kilichowapata.

Mrina_wa_Soweto
Nipo hapa. Mimi ni bibi mzaa baba, anaomba ugoro.

Mama Glori, Sakina
Mimi yangu ni ndefu, mnivumilie.

Baba alizikwa nyumbani Machame, kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, chini kidogo ya migomba. Miezi ikapita, sijamwota hata siku moja. Kisha masika yakaingia, akaanza kuja. Kila mara ni ndoto ile ile: amesimama pembeni ya migomba, suruali imelowa mpaka magotini, ameshika kata tupu. Hasemi kitu. Ananitazama, kisha anaonyesha chini kwa kidole. Nikiamka nimelowa jasho na miguu yangu ya baridi.

Nikamwambia shangazi. Akasema kata tupu maana yake wazi, kaka yake ana kiu, watoto wa mjini hatujampa mbege tangu matanga yaishe. Mume wangu akasema ni malaria. Rafiki yangu wa kazini akanipeleka kwa mtaalamu mmoja huku Arusha. Yule bwana hata sijamaliza kueleza, akaniambia kuna mwanaume wa tumbo moja na mimi amefukia kitu nyumbani, ndiyo maana baba anaonyesha chini. Nina kaka mmoja tu, ndiye anayekaa kwenye kihamba.

Hapo ndipo pabaya kuliko yote. Nilimpigia kaka usiku ule ule nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii nduguye. Akakata simu. Mama akalia wiki nzima. Baba akaendelea kuja na suruali yake iliyolowa.

Nyota ya Asubuhi
Pole dada. Ila hayo ni mapepo yanayovaa sura ya baba yako. Kumbukumbu la Torati 18 imekataza kuwaendea wafu. Funga na uombe, usimpe kitu chochote.

Mrina_wa_Soweto
Tulikuwa tunaongea vizuri sasa mahubiri yameanza.

Nyota ya Asubuhi
Si mahubiri, huyu dada ameshagombana na ndugu yake kwa ajili ya ndoto. Hilo tunda unaliona wewe mwenyewe.

Ustadh wa Kaloleni
Mimi namuunga mkono nusu. Kwetu ndoto ni za aina tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni ya shetani, na yale ambayo nafsi ya mtu inajizungumzia. Kwa hiyo hatusemi kila marehemu ni pepo. Walioandika tafsiri za ndoto wanasema maiti yuko kwenye nyumba ya haki, akisema neno huzingatiwa. Na wanatofautisha sana kati ya kupewa na kutoa. Marehemu akikupa kitu, aghalabu ni kheri. Akichukua kwako, hasa nguo, wanaiona kuwa ni upungufu. Ndiyo maana yule abiria wa daladala aliogopa shuka. Lakini akiomba, dawa yake iko wazi: mtolee sadaka, mwombee dua, mlipie deni alilokufa nalo. Hakuna kupeleka kitu kaburini.

Ndoto ikikutisha, tema mate makavu kushoto mara tatu, jikinge kwa Mwenyezi Mungu, geuka ubavu, na usimhadithie mtu. Dada yetu alihadithia watu watatu, akapata tafsiri tatu.

Kijana wa Majengo
Ustadh mimi huwa naota nimekabwa siwezi kupumua wala kuita, kuna mtu mweusi miguuni. Huyo ni babu anaomba kitu?

Nesi wa zamu ya usiku
Hilo ni jinamizi kaka, akili imeamka mwili bado umelala. Jaribu kulala ubavu, pumzika vya kutosha, litapungua. Si mada ya hapa.

Ila mada yenyewe nina neno. Kabla hamjaenda kwa mtu yeyote, angalia unakunywa dawa gani. Meflokwini ya malaria huleta ndoto kali mno. Efavirenzi ya VVU nayo, watu walikuwa wanakuja kliniki wanasema wanatembelewa usiku kumbe ni wiki za kwanza za dawa. Hata baadhi ya dawa za presha. Usiache dawa kwa kichwa chako, rudi kwa aliyekuandikia umweleze. Simaanishi kila ndoto ni dawa.

Mama Glori, Sakina
Sikuwa na dawa yoyote nesi. Na malaria nilipimwa, hakuna.

Mzee wa Masale
Binti, mimi ni wa huko huko Machame na nimekaa na wazee waliokuwa wanajua mambo haya. Ngoja nikuulize kabla sijasema lolote. Kuna mwingine wa ukoo aliyemwota kipindi hicho? Baba alikuwa na ahadi au deni lililobaki? Na kaburi lenyewe nani amelitazama tangu mvua zianze?

Mama Glori, Sakina
Shikamoo mzee. Deni hakuna ninalolijua. Aliyemwota ni binti wa kaka, mtoto wa darasa la nne, alisema babu ana baridi. Niliambiwa baadaye. Kaburi sikujua, nilikwenda Pasaka mara moja tu nikaweka maua nikaondoka.

Mzee wa Masale
Marahaba. Sasa nisikilize.

Zamani ndoto ya marehemu haikuwa mali ya aliyeota. Ulikuwa unaipeleka kwa mkubwa wa ukoo, yeye anakaa nayo. Hakimbii kuchinja. Anasubiri aone kama itarudi, au itamfikia mtu mwingine wa damu ile ile bila kuambiwa. Kwako yote mawili yametokea, kwa hiyo shangazi hakukosea kuitilia maanani. Alikosea kuruka hatua. Kitu cha kwanza wazee walichotazama ni cha kawaida kabisa: kaburi, mipaka, mjane anakulaje, neno gani lilibaki bila kutimizwa. Hayo yakikosekana ndipo unaongelea mbege na mbuzi. Hata hapo, anayemimina ni mkubwa wa ukoo, anawataja waliotangulia kwa majina, anasema shida mbele ya watu wote wa nyumba. Na kama kuna ugomvi nyumbani, masale, yale majani ya kuombeana msamaha, hutangulia, kwa sababu huwezi kumwomba baba huku watoto wake hawasemeshani.

Huyo mtaalamu amekutajia mtu kabla hajakuuliza swali hata moja. Hiyo ndiyo alama yake. Ndoto yako haikuwa na kaka ndani yake. Jina la adui lilitoka kinywani kwake.

Ustadh wa Kaloleni
Hapo mzee umesema kweli. Ibn Sirin wa Basra, ambaye watu wanamtaja kila siku, walimjia watu wawili wote wameota wanaadhini. Mmoja akamwambia utahiji, mwingine akamwambia utashikwa kwa wizi. Wakashangaa, ndoto ni moja. Akasema huyu nimeona kwake dalili za wema, nikaichukua aya ya kuwatangazia watu Hija. Yule sikuridhika na hali yake, nikaichukua aya ya Surat Yusuf, mnadi aliponadi kwamba enyi msafara, nyinyi ni wezi. Alimtazama mwotaji kwanza. Hivi vitabu vya stendi vyenye jina lake, nyoka maana yake hiki, meno maana yake kile, vingi vimekusanywa muda mrefu baada yake.

Mrina_wa_Soweto
Kwa hiyo ugoro wa bibi ninunue au nisinunue?

Mzee wa Masale
Mwulize baba yako kwanza. Wewe si mkubwa wa nyumba hiyo.

Binti wa Njiro
Mama Glori, ilikuwaje mwishoni? Usituache hewani.

Mama Glori, Sakina
Nilipanda Machame mwenyewe. Kaka hakutoka ndani kunipokea. Nikaenda moja kwa moja kaburini. Jirani wa juu alikuwa amegeuza mfongo, ule mfereji wa maji, upite kwenye shamba lake jipya, na mvua zilipozidi maji yakawa yanamwagikia kwetu. Upande wa miguuni udongo umetitia, vigae vimepasuka, maji yamesimama. Nilikaa chini nikalia.

Kaka alikuja akiwa na jembe. Hatukusema kitu, tukachimba mtaro. Baadaye mjomba akaja na sale, tukasameheana mbele ya mama. Mfongo ulirudishwa baada ya kikao cha majirani. Mbege ilipikwa, sitadanganya, na mchungaji alikuja kuomba pia. Baba sijamwota tena.

Mwana wa Kibosho
Mwili umesisimka.

Nyota ya Asubuhi
Mungu anaweza kutumia chochote, sawa. Lakini bado nasema ile mbege haikuwa na kazi.

Binti wa Njiro
Dada, niongeze upande mwingine bila kukuvunjia heshima. Ulikwenda Pasaka, masika yameshaanza. Uliweka maua pale pale. Inawezekana jicho liliona udongo umelegea na maji yanapita, wewe ukiwa na haraka hukulitia akilini. Kisha usiku upande wako unaojua ukatumia sura ya baba kukurudishia. Carl Jung, yule daktari wa akili wa Uswisi, angekuuliza kata inakukumbusha nini, suruali iliyolowa inakukumbusha nini, na asingeangalia ndoto moja bali mfululizo wake. Kwake marehemu wa ndotoni anaweza pia kuwa ni ubaba ulio ndani yako, unaokuonyesha unachokipuuza.

Na huyu bwana alifika huku kwetu. Mwaka 1925 alikuwa Mlima Elgoni, wenyeji wakamweleza kuna ndoto ndogo za kila mtu na ndoto kubwa za wakubwa wa jamii. Mganga mmoja mzee alimwambia huku machozi yakimtoka kwamba tangu Waingereza waje hawaoti tena, kwa kuwa bwana DC anajua kila kitu.

Mama Glori, Sakina
Mimi Pasaka sikuona maji. Na mtoto wa kaka je, aliyesema babu ana baridi?

Binti wa Njiro
Mtoto anaishi pale, anapita kaburini kila siku akienda shule. Yeye alikuwa na nafasi ya kuona kuliko wewe.

Mzee wa Masale
Binti wa Njiro, unaweza kuwa sahihi jinsi maji yalivyomfikia. Hujasema kwa nini yalikuja na sura ya baba.

Binti wa Njiro
Hilo mzee sina jibu.

Mwana wa Kibosho
Mzee, na babu yangu wa maji ya kunywa? Kaburi lake liko salama, nimeshauliza.

Mzee wa Masale
Bibi yako yuko hai? Nani anamchotea maji?

Mwana wa Kibosho
Yuko hai. Bomba la kwake lilikatwa, nilisikia tu. Ngoja nipige simu.

Mke wa Pasua
Jamani nimechelewa. Mimi marehemu mama mkwe ananipa funguo, haombi. Hii ni heri au?

Ustadh wa Kaloleni
Kupewa aghalabu ni kheri, lakini nisikurukie. Uliishi naye vipi alipokuwa hai? Na funguo uliipokea, au uliamka kabla hujanyoosha mkono?