Mama mkwe anataka kuja kukaa miezi sita nikijifungua, nimwambieje?

Mama Kijacho:

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni mawazo maana hili jambo nalala nalo naamka nalo. Nina mimba ya wiki 29, ya kwanza, mimi na mume wangu tuko wenyewe tu huku ugenini. Mama mkwe kapiga simu kasema anakuja wiki mbili kabla sijajifungua na atakaa miezi sita, mpaka mtoto aweze kukaa mwenyewe, na mume wangu pale pale akajibu "sawa mama, tutaona", na hiyo tutaona yake mama kaisikia kama ndiyo, sasa wifi ananiambia mama ameshaanza kuulizia tiketi na barua ya mwaliko.

Mama mkwe si mtu mbaya, nampenda na ananipenda. Ila tuna chumba kimoja na sebule. Mimi nikichoka nanyamaza, yeye akiona kimya anahisi kuna ugomvi. Nikiwaza mtoto wa siku tatu, kifua kiko wazi nahangaika kumnyonyesha, na mama mkwe yuko pale kwenye kochi ambalo ndo kitanda chake na hana pa kwenda, machozi yananitoka. Sisemi asije. Nasema miezi sita siwezi. Aliyepita hapa anisaidie.

Baba Pacha:

Hongera dada. Barua ya mwaliko isikutishe, weka jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kuondoka, atalala wapi, nani anamgharamia, ambatanisha uthibitisho wa kipato na wa makazi. Bima ya afya ya msafiri ikatwe ya siku zote atakazokuwepo, mtu mzima akiugua huku bila bima ni balaa. Na aombe miadi ya viza mapema maana foleni huwa ndefu.

Mama Kijacho:

Asante kaka, nitaitunza hiyo. Ila shida yangu ni kumwambia miezi sita hapana, kumleta si tatizo.

Shemeji Mkubwa:

Mwambieni daktari amekataza wageni. Basi, imeisha. Mama zetu daktari wanamheshimu, na ni kweli mtoto mchanga hatakiwi kukaa na watu wengi, atapata maambukizi. Hapo hakuna atakayelaumiwa.

Mama wa Wawili:

Shem hapo utaharibu. Huo uongo unakufa siku picha ya kwanza ya rafiki yako kambeba mtoto itakapoingia kwenye grupu la familia.

Mimi yangu ilikuwa hivi. Mume wangu alisema "ongea na mama wewe, nyie wanawake mnaelewana", nikaandika meseji ndefu ya heshima zote, shikamoo, shukrani, samahani, nikaeleza nyumba ni ndogo na tiketi ni gharama. Mama akajibu atalala sebuleni na nauli ameshachangiwa. Nikabaki sina hata neno. Halafu meseji yenyewe ikasambazwa, mashangazi wakaisoma, kila mmoja na tafsiri yake. Mtoto wangu sasa anasoma shule na meseji ile bado inatajwa. Kwa hiyo dada, usiandike, na usiongee wewe. Mwanawe mwenyewe ndo aongee, kwa simu, wawili tu.

Mkunga Mstaafu:

Mama Kijacho hongera mwanangu. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi na haya ya mama mkwe nimeyaona kwenye nyumba nyingi, na huyo Mama wa Wawili kagusa penyewe. Sababu yoyote inayoweza kutatuliwa, mama ataitatua. Ukisema nafasi, atalala chini. Ukisema gharama, atauza kitu. Ukisema hutaki kumchosha, atakwambia yeye hachoki. Kila ukijibiwa unabaki na sababu moja pungufu, mwisho inabaki ile ya kweli na inaonekana mlikuwa mnamficha. Ndo maana mnampa uamuzi wenye tarehe, hamumpi sababu za kujadili.

Sasa tarehe ipi. Hapa wengi wanakosea, wanamkatia mama tiketi ya siku ya matarajio. Mtoto aliyetimia anakuja popote kati ya wiki 37 na 42, ni wachache wanaozaliwa siku ile ile iliyoandikwa kwenye kadi. Mama akija wiki mbili kabla anaweza kukaa karibu mwezi mzima mnatazamana, kila asubuhi anakuuliza "bado?", ukifika leba mmeshachokana.

Mume wako ana likizo kiasi gani? Kama ni mwezi mmoja, hesabu wiki tano baada ya siku ya matarajio, mama ndo atue. Mtoto akija wiki ya 38, mama atamkuta ana wiki saba. Akichelewa mpaka wiki ya 42, atamkuta ana wiki tatu. Kote huko kuna kazi ya kweli inayomsubiri. Kilio cha watoto wachanga huwa kinaongezeka kuanzia wiki ya pili hivi na kufika kileleni karibu na wiki ya sita, baadaye kinapungua taratibu, na wakati huo baba ameshaanza kurudi kazini na watu wameshaacha kupiga simu kuulizia. Mikono ya bibi hapo inahitajika kuliko siku ya tatu. Siku ya tatu mtoto ananyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku nzima usiku na mchana, maziwa ndo yanaingia, machozi yanakuja bila sababu, na kazi ya kunyonyesha hakuna wa kukupokea. Machozi hayo kwa kawaida yanaisha ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, mwambie nesi, usingoje mgeni aje akuone.

Na Shem, kwenye maambukizi una nusu ya ukweli. Hatukatazi bibi, tunataka asiye na kikohozi wala mafua, na kwa mtoto asiyeanza chanjo ni vizuri bibi awe amechanjwa kifaduro angalau wiki mbili kabla ya kumshika. Hiyo mwambieni kama maandalizi ya safari, msiifanye kisingizio.

Bibi wa Watano:

Mimi ni mama mkwe, niseme upande wetu kidogo. Mwanangu aliniambia "mama usije kwanza, tutakuambia". Kile "tutakuambia" ndo kiliniumiza, kukataliwa kungeuma kidogo. Nilikuwa nimeshawaambia majirani nasafiri, nimeshanunua vitu vya mtoto, kila anayeniona ananiuliza unaondoka lini na sina la kujibu. Ningepewa tarehe hata ya miezi mitatu mbele ningeisema kwa kujidai. Mpeni mama kitu cha kusema kwa watu.

Halafu miezi sita wanangu msiione uchoyo. Mtu akiwaza safari ya mbali na nauli ile, anaona aibu kwenda na kurudi upesi. Hajui kwamba huko atashinda ndani peke yake, mji haujui, lugha hana, hata kwenda kununua mkate mpaka apelekwe. Mimi nilipofika wiki ya tatu nilishaanza kuulizia nyumbani kwangu. Hilo mwanawe anaweza kumweleza bila kumvunjia heshima.

Baba Pacha:

Kumbe nilikusoma vibaya dada, niwie radhi. Basi kwenye hiyo hiyo barua ya mwaliko kuna kinga. Ukiandika "atakuja kututembelea" bila tarehe, au ukaandika miezi sita ili viza itoke kirahisi, umeshampa maandishi. Andikeni wiki mtakazokubaliana, tuseme nne, bima iwe ya wiki hizo, na tiketi mkate nyie ya kwenda na kurudi. Viza ikimruhusu kukaa zaidi haimaanishi lazima azimalize, atafuata tiketi. Na msitume barua kabla mume hajapiga simu, ikitangulia barua mama ataona mmepanga kimya kimya.

Mama Kijacho:

Jamani mmenitoa mbali. Mume wangu nimemsomesha yote haya, likizo yake ni mwezi mmoja kweli. Jana tulikaa tukafanya kama mazoezi, mimi nikawa mama na yeye akawa yeye. Mara ya kwanza akaanza "mama, mwenzangu anaona..." nikamkatisha hapo hapo. Tukaishia na hivi:

"Shikamoo mama. Mama, nilikuambia tutaona na nikakuacha njia panda, sasa nimeamua. Nataka uje tarehe hii, mtoto atakuwa na wiki kadhaa na mimi nitakuwa narudi kazini, ndo tutakuhitaji kweli. Utakaa wiki nne, tiketi nakata mimi. Miezi sita haitawezekana."

Nikamuuliza kama mama, "kwani mkeo hanitaki?" Akajibu, "Mama, hili ni la kwangu. Yeye ndo anahesabu siku za wewe kufika." Nikamwambia hapo mwisho apaondoe maana si kweli kiasi hicho, abaki na "hili ni la kwangu" tu. Akisisitiza, anarudia tarehe na kunyamaza. Atapiga jumapili mama akiwa ametulia, na wifi tutamwambia baada ya mama, isiwe kabla.

Ila kuna kitu hamjaniuliza na kinanisumbua. Mama yangu mzazi anakuja siku kumi mara tu nikijifungua. Hilo tulishakubaliana zamani. Mama mkwe akisikia?

Shemeji Mkubwa:

Hapo ndo moto ulipo. Mimi ningesema mama yako naye asogeze, haki sawa. Mwanaume atajibuje kwa mama yake?

Mkunga Mstaafu:

Mimi sikubaliani Shem. Anayejifungua ndo mwenye mwili, akitaka mama yake amshike mgongo akienda chooni na nyuzi zake, hilo halipimwi kwa mizani ya wakwe. Na mkumbuke mtoto akiwahi, kuna wiki mbili tatu baba ameshaanza kazi na bibi wa pili hajafika, huyo mama mzazi hata ningemwomba aongeze siku. Ila mama mkwe asikie kutoka kwa mwanawe, kwenye simu ile ile ya jumapili, kwa sentensi moja: mama wa fulani atakuwepo siku za mwanzo, wewe utapokea zamu ndefu.

Bibi wa Watano:

Zamu ndefu sawa. Lakini itauma mwanangu, nisikudanganye. Mimi ingeniuma. Ningenuna wiki, baadaye ningeanza kupanga sanduku. Sijui wa kwako ana moyo gani.

Mama wa Wawili:

Mimi nisingemwambia jumapili. Habari mbili kwa simu moja ni nyingi, ataunganisha aone amekataliwa kwa sababu ya mwenzake. Ningeacha hiyo ya wiki nne ikae kwanza, akishapata tiketi mkononi ndo aambiwe.

Mama Kijacho:

Mume wangu anaona kama Mama wa Wawili, mimi naona kama Mkunga, maana wifi ameshajua mama yangu anakuja na siri kwake haikai. Tutaamua kabla ya jumapili. Barua ya mwaliko nimeiandika na tarehe zote mbili, iko mezani, haijatumwa.