PS5 kwenye waifai ya hosteli yenye ukurasa wa vocha: laptopu, ruta ndogo, au kuongea na mwenye mtandao?

MkaaziNgara
Habari wakuu. Hosteli ya hapa Ngara ina waifai ya vocha. Unaunganisha simu, ukurasa unajitokeza, unaandika namba ya M-Pesa, unaweka PIN, intaneti inawaka. Vocha moja, kifaa kimoja. PS5 inashika waifai vizuri tu, lakini ikijipima intaneti inagoma. Nimefikiria kugawa intaneti kutoka laptopu ya Windows 11, au kununua ruta ndogo ya safari, au kumfuata jamaa wa mtandao. Ipi haitanisumbua kila jioni?

Otis_Roysambu
PS5 haina brauza kaka, ukurasa huo sahau. Weka DNS 8.8.8.8, ikikataa nunua ruta.

FundiWaya
Otis, hapo umepata nusu. Brauza haiko kwenye menyu, lakini imo ndani. Na 8.8.8.8 inaweza kuharibu zaidi, kwa sababu mitandao mingine kabla hujalipa haikuruhusu kuuliza majina popote ila kwa ruta yake yenyewe. Ukiuliza kwingine, ukurasa haupati nafasi ya kukudaka.

Mkaazi, ingia Settings > Network > Settings > Set Up Internet Connection, fungua mipangilio ya juu ya waifai hiyo na uhakikishe DNS iko Automatic. Unganisha upya. Wakati mwingine ukurasa hujitokeza wenyewe. Usipokuja, rudi Settings, fungua User's Guide. Kitabu hicho cha maelekezo kinasomwa mtandaoni, kwa hiyo ile brauza iliyofichwa inaamka, na ruta ya hosteli ikiwahi ombi lake inakuletea ukurasa wa vocha. Andika namba yako hapo, ombi la PIN litakuja kwenye simu kama kawaida.

Ila ni bahati nasibu. Anwani ya kitabu ni ya `https`, na ruta ikijaribu kuigeuza njiani unaweza kupata onyo la cheti au skrini tupu. Na usilipie kwa simu ukidhani PS5 itafuata. Mtandao unakumbuka anwani ya MAC ya kifaa kilicholipa, haukukumbuki wewe.

Mwenda_Switch
Mbona mnazunguka sana? Switch yangu inasema usajili unahitajika, nabonyeza Next, naingia. Shida yangu ni moja, nikiilaza kidogo nikirudi inadai vocha upya.

FundiWaya
Mwenda, Switch inatambua kurasa hizi yenyewe, PS5 haina ukarimu huo kila mara. Hilo la kulala ni jambo lingine. Hotspoti nyingi za mitaani zinaendeshwa na MikroTik, na huko kuna kipimo kinaitwa `keepalive-timeout`, ambacho kwa kawaida huja kikiwa dakika 2. Kifaa kisipoitikia kwa muda huo kinaondolewa kwenye orodha ya walio hewani. Kama muda wa vocha haujaisha, ingiza namba ileile ya vocha kabla ya kulipa tena.

Dada_Kebo
Turudi kwa Mkaazi. Kati ya laptopu na ruta, mimi ningejaribu laptopu kwanza kwa kuwa tayari unayo, lakini kwa kebo. Ukitumia Mobile hotspot, redio moja ya laptopu inapokea na kutuma kwa zamu, na gemu inaanza kukwama. Lipia vocha kwenye laptopu, chomeka kebo ya mtandao hadi PS5, kisha bonyeza Windows+R uandike `ncpa.cpl`. Bofya kulia Wi-Fi, Properties, Sharing, weka tiki ya kwanza na uchague Ethernet. Kwenye PS5 chagua Set Up Wired LAN. Ikipata anwani inayoanza na 192.168.137, kugawa kumefanya kazi.

Kero zake: laptopu ikilala, gemu imekufa. Na Windows ikiwashwa upya, kugawa mara nyingine kunabaki na tiki ilhali hakufanyi kazi. Unaondoa tiki, unairudisha.

Kabla ya kununua chochote, fungua Command Prompt ya laptopu ikiwa hewani, kisha:

```
ping 8.8.8.8
```

Tazama mwisho wa kila mstari, pale palipoandikwa TTL. Tuletee namba.

MkaaziNgara
Dada, nimefanya yote. PS5 imepata 192.168.137.84, lakini intaneti inagoma vilevile. Laptopu yenyewe inafungua kila kitu. Ping inaonyesha `TTL=1` mistari yote minne.

Dada_Kebo
Basi usinunue ruta bado. TTL ni hesabu ya ruta ambazo pakiti inaweza kuvuka, na kila ruta inapunguza moja. Jibu kutoka nje kwa kawaida hukufikia likiwa na makumi. Kwako mwenye mtandao ameishusha makusudi hadi 1 kwenye mlango wa hosteli. Laptopu inapokea kwa sababu pakiti imefika mwisho wa safari. Ikitaka kuisukuma hadi PS5, hesabu inakuwa sifuri na pakiti inatupwa. Ruta ya safari, hata ya bei kali, ingekufanyia hivyohivyo ukiitoa kwenye boksi na kuichomeka.

Otis_Roysambu
Ruta ya OpenWrt unaiambia ipandishe TTL ya kila kinachoingia, mchezo umeisha.

Bi_Mkubwa_Hosteli
Inawezekana, lakini mwanangu, aliyeweka 1 amekuambia waziwazi hataki mgawane vocha. Akikugundua anafunga MAC ya ruta, na pesa ya ruta imekwenda. Mimi nasimamia nyumba yenye mtandao kama huo. Wapangaji wa konsoli wanaokuja kuuliza tunawasajili.

FundiWaya
Naunga mkono, ila namna ya kuomba ina maana. Ukimwambia akuachie PS5 ipite bila ukurasa, atafikiria `ip-binding` ya aina ya `bypassed`. Hiyo inaruka vocha kabisa, muda na mipaka ya kifurushi chako havikuhusu tena. Lazima akatae. Mwombe aisajili PS5 kama mteja, MAC ikiwa ndiyo jina:

```
/ip hotspot user add name=AA:BB:CC:DD:EE:FF profile=mwezi
```

`mwezi` hapo ni jina la kifurushi alichokiweka yeye, na kwenye `login-by` ya hotspoti `mac` iwe imewashwa. PS5 itaingia yenyewe kila ikiamka, na anaendelea kukulipisha.

Kosa la kila siku ni MAC yenyewe. PS5 inazo mbili, ya kebo na ya Wi-Fi. Ziko Settings > System > System Software > Console Information. Kwa kuwa utaunganisha bila kebo, nakili ya Wi-Fi, na umtumie picha ya skrini badala ya kuandika kwa mkono. 8 na B zimewapoteza wengi.

MkaaziNgara
Nimempata. Amekubali kusajili, lakini anataka PS5 iwe kifurushi cha pili cha mwezi, juu ya cha simu. Hiyo ni haki kweli?

Bi_Mkubwa_Hosteli
Ni haki. Vifaa viwili, vifurushi viwili.

Otis_Roysambu
Haki gani na anayetumia ni mtu mmoja? Mwambie aweke `shared-users=2` kwenye kifurushi chako.

FundiWaya
Mfumo unaweza, Otis, lakini badiliko hilo linakaa kwenye profile, kwa hiyo linampa kila mwenye kifurushi hicho vifaa viwili. Itabidi amtengenezee Mkaazi profile yake peke yake. Wengine hufanya, wengine hawataki usumbufu. Muulize.

Mwenda_Switch
Namba ileile imekubali bila kulipa tena. Lakini ikilala dakika kumi inaniuliza tena, ni lazima niandike kila mara?