Mrejesho: ritani yangu ya kodi ya Ujerumani

Niliuliza: “Nimebonyeza Speichern, yaani hifadhi, kwenye ELSTER, tovuti ya kodi ya Ujerumani. Ritani ya 2024 imefika?”

Ndugu zangu, haikuwa imefika. Niliikuta Entwürfe, yaani kwenye rasimu. Kabla ya kuituma nikagundua kosa: gharama ya kwenda kazini nilikuwa nimeiweka Sonderausgaben, yaani matumizi maalumu ya binafsi, kumbe mahali pake ni Werbungskosten, yaani gharama za kupata kipato, ndani ya Anlage N, fomu ya mapato ya ajira. Huhesabiwa umbali wa kwenda tu: kilomita 20, siku 210, na kwa mwaka 2024 ilikuwa senti 30 kila kilomita, jumla euro 1,260. Imezidi zile 1,230 ambazo mwajiriwa hupunguziwa kwenye kipato kinachotozwa kodi bila kudai, kwa hiyo ilistahili kujazwa. Nikabonyeza Prüfen, yaani kagua, makosa yakaisha, kisha Absenden, yaani tuma. Sasa iko Übermittelte Formulare, yaani fomu zilizotumwa, na nimepata namba ya Transferticket, uthibitisho kwamba imetumwa. Nawashukuru sana!