Eti hela yangu imeingia lakini "haina mwenyewe"! Hili duka litanitoa roho

MamaMapacha:
Wakuu salaam, au basi tuache salaam maana nimetoka huko sasa hivi na mikono bado inatetemeka.

Lile duka mnalijua. Silitaji. Lile la matangazo kila kona, la offa kila mwisho wa mwezi, la yule dada wa redioni anayepiga kelele mpaka mtoto anaamka. Nimeagiza friji kwao mtandaoni, 685,000, wakanipa namba ya akaunti yao ya benki, nikaenda kwa wakala nikalipa palepale na risiti ninayo. Nikasubiri simu ya mtu wa kuleta mzigo. Kimya. Nikapiga, muziki. Nikapiga tena, muziki uleule, sasa nauimba mpaka jikoni.

Leo nikasema naenda mwenyewe. Kijana wa kaunta akafungua stetimenti, akashusha, akapandisha, akanitazama usoni bila aibu akasema: "Mama, hela imeingia lakini haina mwenyewe."

HAINA MWENYEWE. Mimi nimesimama pale na risiti mkononi, nimevaa na kujipulizia kabisa, hela haina mwenyewe! Nikamuuliza sasa mimi ni nani, akasema "Ndio tunajaribu kujua." Foleni nzima ikacheka, kuna mzee alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu eti kuna mtu kalipa 685,000 siku hiyohiyo, katuma skrinishoti mapema, friji kashapelekewa. Friji LANGU linapoza maji ya mtu Kimara huko!

Haina mwenyewe jamani. Laki sita na themanini na tano haina mwenyewe.

Kibabu_wa_Mtaa:
Mama si ungeinua mkono tu useme mwenyewe mimi hapa 😂😂😂

dogo_janja_mbagala:
Huyo mzee aliyeshika ukuta ni mimi. Pole mama ila ulichekesha

Mchumi_Kijiweni:
Hili tatizo dawa yake ipo miaka mingi, ni kama kontroli namba za serikali. Kila oda duka linafungua akaunti mpya benki kwa jina la mteja, unaweka hela yako humo inakaa, mzigo ukifika wanaitoa. Hawa hawataki tu kwa sababu kufungua akaunti nyingi ni gharama.

Fundi_Malipo:
Mchumi umegusa penyewe halafu ukateleza. Kontroli namba ndiyo wazo lenyewe, kila bili na namba yake. Lakini hakuna akaunti inayofunguliwa na hela haikai humo hata sekunde moja. Benki inalikatia duka fungu la namba, kila oda inapewa moja kutoka kwenye hilo fungu. Ukilipa, benki inajua namba hii ni ya duka fulani, hela inadondokea akaunti kuu ya duka, ileile moja. Namba inabaki kama lebo tu.

Nimefanya kazi hizi za malipo ya maduka, ngoja nieleze kilichompata mama. Siku ya offa friji ni bei moja. Tuseme wamelipa watu watatu, wote 685,000. Wa kwanza ana akaunti benki ileile ya duka, jina lake limetokea lote. Wa pili katuma kutoka benki nyingine, jina limekatwa katikati na maelezo aliyoandika hayakufika. Wa tatu ni mama, kapita kwa wakala, stetimenti inaonyesha wakala. Mhasibu ana mistari mitatu yenye kiasi kimoja na oda tatu mezani, anabaki na nini? Skrinishoti. Anayetuma mapema ndiye mwenye hela.

Sasa kila oda ingekuwa na namba yake, hata mama akimtuma shemeji yake akalipe kwa wakala wa Tunduma, duka halina haja ya kujua nani katuma. Sistimu yao inapokea taarifa ya benki kama hivi:

```
account: 9024170638
amount: 685000
reference: FT7731K
```

Inaangalia 9024170638 ilipewa oda gani, kiasi kinalingana, oda inageuka imelipwa. Hakuna kijana wa kushusha na kupandisha stetimenti.

MamaMapacha:
Asante Fundi ila hapo kwa mhasibu umenirudisha kulekule. Yaani mimi mbele ya watu wote nimeitwa wakala! Na alilisema kwa sauti hilo la haina mwenyewe, sio kwa kunong'ona, kwa sauti kama anatangaza basi la Tanga linaondoka.

Kibabu_wa_Mtaa:
Abiria wa friji mjiandae 😂

Wanjiru_wa_Viatu:
Huku kwetu Kenya tuko na paybill, namba ya biashara ya kulipia kwa M-Pesa, lakini pale kwa account number mteja anajiandikia mwenyewe. Mimi nauza viatu online, nikaambia watu andikeni namba ya oda. Mmoja akaandika "viatu". Mwingine akaandika jina la bibi yake. Kuna mwenye aliandika "asante". Hiyo "asante" ilinilaza macho, pesa iko, viatu viko, mwenyewe simjui mpaka alikuja kunitusi Facebook.

Fundi_Malipo:
Wanjiru kwenye Daraja, ile njia ya Safaricom ya kuunganisha sistimu yako na M-Pesa, si kuna `ValidationURL`? Unaweza kufanya M-Pesa iulize kwanza sistimu yako kama hiyo namba ya oda ipo, "asante" ikakataliwa kabla hela haijatoka kwa mteja.

Wanjiru_wa_Viatu:
Iko, lakini hiyo haiji ikiwa imewashwa, lazima uombe Safaricom wakuwashie. Na server yangu ni ya kuungaunga, ikilala wakati inaulizwa, inategemea ulichagua nini: `Completed` malipo yanapita bila kuulizwa, `Cancelled` yanakataliwa. Nikiweka `Cancelled` nakosa wateja, nikiweka `Completed` narudi kwa "asante". Afadhali namba ya benki, hapo mtu hawezi kuandika jina la bibi.

Mpenda_Haki:
Swali. Nikikosea tarakimu moja si nimemlipia jirani friji? Kama oda zinafuatana, 38, 39, 40, kidole kikiteleza tu nimekwisha.

Fundi_Malipo:
Ndiyo maana hazipangwi kwa kufuatana hivyo. Angalia Naijeria, wenzetu wamezizoea hizi namba kwenye maduka ya mtandaoni: akaunti zao zote ni tarakimu 10, ya mwisho inapatikana kwa kupiga hesabu kutoka namba ya utambulisho ya benki na zile tisa za mbele. Ukikosea moja hesabu haikubali, malipo yanakataliwa. Halafu namba ya oda inaweza kufungwa na kiasi, ukituma pungufu haiingii.

Duka_la_Kona:
Hapo kwenye kufunga kiasi wafanyabiashara wadogo mnatuua. Mteja ana 500,000 anasema makato yamemlia, anatuma 498,500. Ukifunga hela inakataliwa, anakasirika, anakwenda kwa jirani. Usipofunga, kila siku unadai 1,500 za watu kama mkusanya ushuru.

Fundi_Malipo:
Kweli, hilo kila duka linaamua lenyewe. Wengi wanaacha wazi halafu oda inakaa "imelipwa nusu". Na lingine, mawakala na apu zote sio lazima zizitambue namba hizi. Mteja anaambiwa "akaunti haipo" wakati ipo, ila njia hiyo haijaunganishwa. Kwa hiyo mama hata akipewa namba yake, duka lilipaswa kujaribu kwa wakala kabla ya siku ya offa.

Mzee_wa_Lagos:
Nimeishi Lagos, Fundi anasema kweli ila kuna shimo hajaligusa. Zile namba zina muda. Unaziona kwenye skrini na saa inarudi nyuma, dakika thelathini, ikiisha namba imekufa. Baadaye anaweza kupewa mtu mwingine. Sasa kuna jamaa yangu alilipa sabufa, apu ya benki ikamuuliza "nihifadhi huyu mpokeaji?" akasema ndio. Mara ya pili akanunua kitu dukani palepale, badala ya kusoma namba mpya akabonyeza ile iliyohifadhiwa. Jina la duka lilitokea sahihi kabisa, angejuaje? Hela ikaingia kwenye oda ya mtu mwingine.

Mpenda_Haki:
Kwa hiyo tumerudi kwenye friji la Kimara.

Fundi_Malipo:
Kufunga kiasi kunapunguza hilo, kama oda hazifanani bei. Siku ya offa zinafanana zote, hapo nakubali. Dawa ni kukaa na namba muda mrefu kabla ya kuitumia tena, na oda ikishalipwa namba ife palepale.

Mchumi_Kijiweni:
Na mtu akichelewa dakika moja? Mtandao wa benki ukilala?

Fundi_Malipo:
Inategemea mkataba wa duka na benki. Kuna zinazoikataa na kuirudisha kwa mtumaji, kuna zinazoipokea ikakaa kwenye fungu la hela zisizotambulika mpaka mtu aiguse kwa mkono. Mimi napendelea irudishwe.

Duka_la_Kona:
Irudishwe wapi kama alilipa kwa wakala kwa keshi? Kwa wakala? Wakala gani atamtafuta mteja amrudishie laki sita? Mimi nasema ipokelewe, mteja apigiwe simu.

Fundi_Malipo:
Kwa keshi ya wakala, sina jibu zuri.

MamaMapacha:
Mnajadili tarakimu, FRIJI LANGU LIKO WAPI? Nimepigiwa simu sasa hivi na duka, nikajua yamekwisha. Anauliza dada wa watu kwa adabu zote: "Mama, unaweza kututumia skrinishoti ya risiti?" Risiti ya karatasi! Ya wakala! Nimwambie nini, niipige picha halafu niipige picha ile picha?

dogo_janja_mbagala:
Muulize kama skrinishoti nayo ina mwenyewe

Shangazi_Temeke:
Nyie mnalia friji, mimi televisheni yangu ya inchi 43 ililetwa na bodaboda. BODABODA. Kaipakata kama mtoto mchanga. Imefika ina mstari wa kijani katikati, eti niangalie upande wa kushoto kwanza huku nasubiri fundi.

Kibabu_wa_Mtaa:
Shangazi mpira unauangaliaje? Magoli ya upande mmoja tu?

Shangazi_Temeke:
Kipindi cha pili wakibadilisha magoli ndio najua matokeo.

Mzee_wa_Lagos:
Hiyo mistari ya kijani inaweza kuwa ni kioo kimebanwa njiani, usikubali wakuambie ni umeme wa kwako.

Duka_la_Kona:
Bodaboda tukiwakataa mnasema usafiri ghali, tukiwatumia mnaleta uzi. Nani hapa amewahi kulipia gari la mzigo bila kulalamika?

Shangazi_Temeke:
Mimi. Elfu thelathini. Ndio yenyewe ikaja bodaboda.