Naomba ushauri: kibodi kumi na nne zilizochakaa, zipi nitengeneze, zipi nitupe, na nizitupe wapi?

Wanajamvi, habari zenu. Ninaendesha ofisi ndogo ya uchapaji na stesheneri Dar es Salaam, na nina kibodi kumi na nne za waya wa USB zilizochakaa.

Tano kati yake zina kitufe kimoja kimoja kisichobonyezeka vizuri. Nilipofungua mojawapo, nilikuta vumbi na mabaki ya soda chini ya kile kimpira kinachorudisha kitufe juu, na baada ya kusafisha kwa pamba yenye spiriti na kuacha ikauke kabisa, ilirudi kazini.

Zilizobaki ndizo zinazonisumbua, kwa sababu vitufe kadhaa hufa kwa pamoja. Ndani kuna karatasi nyembamba za plastiki zilizochorwa njia za umeme, na katika moja nimeona njia imeliwa na kutu pale maji yalipoingia. Risasi ya kuchomelea haifai hapo, maana joto huyeyusha plastiki. Je, kuna aliyewahi kuunganisha njia hizo kwa rangi ya fedha inayopitisha umeme, na ilidumu? Nina mashaka kama gharama yake haizidi bei ya kibodi mpya ya kawaida.

Zitakazoshindikana sitaki kumpa mtu atakayezichoma ili apate shaba ya waya, kwani moshi wa plastiki hizo ni sumu. Naomba mnielekeze kwa mkusanyaji mwenye kibali cha kukusanya taka za kielektroniki anayepokea mzigo mdogo kama huu.